Bastola yenye nyundo na isiyo na nyundo

Ndugu walinzi, wengi wetu tulizoea bastola yenye nyundo nyuma, kama Beretta 92FS. Tukikabidhiwa Glock 17 hatuna budi kujua tofauti.

Beretta ikibebwa nyundo imelala, triga ya kwanza ni ndefu na nzito, kilo 5 hivi. Nyundo ikishasimama, zinazofuata ni nyepesi kwa nusu. Glock haina nyundo. Ndani mna pini inayosukumwa na springi, na kila mvuto ni ule ule, kama kilo 2 na nusu. Beretta ina kifungio cha usalama ubavuni, ambacho pia hulaza nyundo. Kinga 3 za Glock hufunguka zenyewe triga inapovutwa. Basi ikianguka hailii, lakini chochote kikivuta triga, inalia.

Hatari kubwa tunaiona kwenye usafishaji. Glock haifunguliwi mpaka triga ivutwe. Mlinzi akivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi ya chemba inaruka nje na nyingine inaingia. Kisha anatoa magazini, anadhani bastola ni tupu, anavuta triga: inalia! Sisi hutoa magazini kwanza, ndipo tuvute slaidi, tutazame chemba na kuipapasa kwa kidole. Beretta hufunguliwa bila kugusa triga, ila ukaguzi ni huo huo.

Mafuta yasiingie tundu la pini ya Glock. Hushika vumbi, pini ikapiga kwa ulegevu, na kitako cha risasi iliyogoma huonyesha alama hafifu.