Siku Nne za Kotinini

Kijiti cha kupima kotinini kwenye mkojo humchanganya mtu aliyezoea kipimo cha mimba. Kwenye cha mimba, mistari miwili maana yake ipo. Hapa mambo ni kinyume. Mistari miwili, mmoja penye C na mwingine penye T, maana yake kotinini haikufikia kiwango kinachotafutwa. Mstari mmoja tu, wa C, ndio unaosema ipo. Na mstari wa T ukitokea, hata kama ni hafifu kama kivuli, unahesabiwa kuwa umetokea.

Kotinini hutengenezwa na ini kutokana na nikotini ya tumbaku. Nikotini yenyewe haikai: kila baada ya saa 2 hivi hupungua nusu katika damu, na aliyevuta jana jioni huamka akiwa amebakiwa na chembe tu. Kotinini hukawia zaidi. Kwa watu wengi huchukua takriban saa 16 kupungua nusu, na ndiyo sababu maabara huitafuta hiyo badala ya nikotini.

Tumchukue mvutaji wa kila siku mwenye nanogramu 240 za kotinini katika kila mililita ya damu, kiasi cha kawaida kwa watu kama yeye. Nanogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara bilioni. Anazima sigara ya mwisho Jumapili saa 12 jioni. Jumatatu saa 4 asubuhi ana 120, usiku wa kuamkia Jumanne 60, Jumanne jioni 30, na Jumatano saa 4 asubuhi 15. Kwa miaka mingi watafiti walitumia mpaka wa karibu hapo kumtenga mvutaji na asiyevuta. Lakini wapo waliopendekeza mpaka wa 3, na huo bwana wetu hauvuki mpaka Alhamisi usiku. Ini la mwingine ni la polepole, na kotinini yake huhitaji saa 27 kupungua nusu. Huyo kufika kwenye 15 tu kutamchukua siku nne na nusu. Kwa mama mjamzito mwendo ni wa kasi, karibu saa 9.

Mate hufuatana na damu kwa ukaribu, na huchukuliwa kwa kipande cha pamba kinachowekwa shavuni. Mkojo hukusanya kotinini mara kadhaa zaidi ya damu, kwa hiyo unaweza kuonyesha kwa siku chache zaidi, pengine hata wiki. Udhaifu wake ni maji. Anayekunywa lita kadhaa kabla ya kupimwa huuzimua mkojo, lakini maabara makini hupima pia kreatinini, na ikiwa chini mno hujulikana kuwa mkojo umezimuliwa.

Watafiti wana sababu nzuri ya kutotegemea maneno ya watu peke yake, kwani wengi huona haya kusema kuwa wanavuta, hasa wajawazito. Ila kwangu kazi kubwa kuliko zote ya kipimo hiki iliwahusu wasiovuta. Uchunguzi wa afya wa taifa nchini Marekani, ulioanza mwaka 1988, ulipima kotinini katika damu ya watu wasiotumia tumbaku, watoto wa miaka 4 wakiwemo. Karibu 9 kati ya kila 10 walikutwa nayo. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilitoka kwenye moshi wa wenzao. Mtoto hawezi kukueleza amevuta hewa ya nani. Damu yake inaeleza.

Katika bima ya maisha, hukohuko Marekani, jambo ni la pesa. Mvutaji mara nyingi hutozwa mara mbili au zaidi ya asiyevuta. Fomu kwa kawaida huuliza kuhusu miezi 12 iliyopita au zaidi, ilhali mkojo unajibu kuhusu wiki moja. Pengo hilo ndilo linalowatia watu tamaa ya kuacha kwa siku kumi na kudanganya. Matokeo yakiwa safi, bado mwombaji anafungwa na maandishi yake: akifariki ndani ya miaka miwili ya mwanzo, kampuni inaweza kukagua rekodi za hospitali na kuwanyima warithi malipo.

Yupo pia anayeonewa na jibu bila kusema uongo. Mtumiaji wa ugoro aliyeandika kwamba havuti sigara amesema kweli, na kotinini yake iko juu vilevile. Hali kadhalika aliyeacha kabisa lakini anabandika plasta ya nikotini au kutafuna chingamu yake ili asirudie. Kotinini haina alama ya ilikotoka. Kumtenga huyu, maabara hupima anabasini, kemikali iliyomo kwenye jani la tumbaku ila haimo kwenye plasta. Mwenye plasta aombe kipimo hicho kabla ya kutia sahihi, na asome fomu kwanza, maana kampuni nyingine humhesabu kila mwenye nikotini kuwa mvutaji.