Simu Iliyorudi na Habari za Asubuhi

Tuseme msambazaji wa soda mjini Morogoro ana muuzaji anayezunguka vijijini na simu yenye programu ya mauzo. Saa 1 asubuhi, kabla gari halijatoka bohari, simu inapakua taarifa za wateja. Mama mmoja mwenye duka ameandikiwa namba yake ya simu, na kwamba anaweza kupewa mali kauli hadi shilingi 500,000.

Saa 2:40 muuzaji yuko dukani kwa mama huyo, mtandao hakuna. Mama amebadilisha laini, kwa hiyo muuzaji anaandika namba mpya na kuendelea na safari. Saa 4:15 mhasibu ofisini anaona deni la mama limekaa muda mrefu, anashusha kiwango cha mali kauli hadi 200,000. Saa 11 jioni gari linarudi mjini, simu inashika mtandao na kutuma kazi yake ya siku. Kesho yake mama anapewa mzigo wa laki tano. Mhasibu anaapa kwamba alishusha, na kweli alishusha.

Kilichotokea ni kwamba simu haikutuma namba mpya peke yake. Ilituma kadi nzima ya mteja kama ilivyoijua tangu asubuhi, pamoja na ile 500,000 ambayo muuzaji hakuigusa. Seva nayo ilifuata kanuni rahisi kuliko zote: anayefika mwisho ndiye mkweli.

Wengi hukimbilia dawa ya kulinganisha saa, yaani kadi iliyohaririwa mwisho ishinde, hata kama imetangulia kufika. Hapo mhasibu anashinda, lakini namba mpya ya mama inapotea kimyakimya. Tena saa yenyewe ni ya simu. Simu ambayo mwenyewe amevuruga tarehe inaweza kudai imeandika kesho, na seva ikaiamini.

Dawa inayoshika haitegemei saa. Kila kadi inapewa namba ya toleo, inayopanda kwa moja kila inapobadilishwa. Simu ilichukua toleo la 14. Mhasibu alipogusa, likawa la 15. Jioni simu inapaswa kusema ilianzia wapi, na hifadhidata ikubali kwa sharti:

```
UPDATE wateja SET simu = :mpya, toleo = toleo + 1
WHERE id = 31 AND toleo = 14;
```

Toleo la 14 halipo tena, kwa hiyo hakuna mstari unaobadilika, na seva inajua kuna mgongano. Kujua huko ndiyo nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua.

Kama simu imetunza nakala ya asubuhi, uamuzi wa mama huyu ni mwepesi: linganisha nakala hiyo na kilichopo simuni, kisha na kilichopo kwenye seva. Simu imebadilisha namba tu, ofisi imebadilisha kiwango tu. Vyote viwili vinaingia. Wangegusa wote kiwango cha mali kauli, ningempa ushindi mhasibu bila kuuliza, maana deni ni lake kulisimamia. Wangegusa wote namba ya simu, ningemwonyesha mtu namba zote mbili achague. Programu inayouliza kila kitu huchosha, na muuzaji aliyechoka hubonyeza kitufe cha kwanza anachokiona.

Akiba ya bohari ni habari nyingine. Kuna kreti 120. Muuzaji mmoja anauza 30 na simu yake inaandika zimebaki 90. Mwenzake anauza 20, yake inaandika 100. Yeyote atakayeshinda, jibu si sahihi, kwa sababu zimebaki 70. Hapa simu isitume kilichobaki, itume kilichotoka: toa 30, toa 20. Na kila mauzo yawe na kitambulisho chake cha pekee, kwa kuwa mtandao hukatika hata baada ya seva kupokea. Simu ikituma tena, seva itambue kwamba mauzo yale imeshayahesabu. Hata hivyo hesabu hii haizuii wauzaji wawili wasio na mtandao kuahidi kreti zilezile. Kwa hilo bora kila gari ligawiwe fungu lake asubuhi.

Ukitaka kujua programu yako iko upande gani, tafuta simu mbili na mteja wa majaribio. Fungua kadi yake kwenye zote, kisha weka ya kwanza kwenye hali ya ndege na ubadilishe namba. Kwenye ya pili, yenye mtandao, badilisha kiwango cha mali kauli. Rudisha mtandao wa ile ya kwanza, subiri itume, halafu soma kadi upya. Kiwango kikiwa kimerudi vilevile kama kilivyokuwa mwanzo, mpigie aliyeitengeneza, umuulize kama kadi zake zina namba ya toleo.