Maelezo ya Darasa la Mazoezi Mtandaoni kwa Mtu Anayeanza

Mwalimu wa mazoezi anayefundisha kupitia simu hana jengo wala kibao cha barabarani. Anachotegemea ni picha moja na maelezo yaliyo chini yake, iwe Instagram, Facebook au WhatsApp. Maelezo hayo yana mambo matatu ya kueleza: darasa ni la nani, linafanyika lini, na linalipiwa shilingi ngapi. Lolote likikosekana, msomaji hupita. Anayeanza ndiye hupita haraka zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, au aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, na anaona haya kuuliza swali mbele ya watu.

Mstari wa kwanza unahitaji uangalifu wa pekee. Instagram huruhusu maelezo ya hadi herufi 2,200, lakini anayepitisha kidole huonyeshwa takriban herufi 125 tu, na mengine hufichwa mpaka abonyeze. Walimu wengi huzimaliza herufi hizo kwa salamu, picha za misuli na miali ya moto, kisha tarehe ya kuanza inazama chini. Ni afadhali mstari huo umtaje mlengwa na kumpa kitu anachokifahamu: "Hujawahi kufanya mazoezi? Anza na kiti cha nyumbani na dakika 30. Wiki 4 mtandaoni, kuanzia Jumatatu 1 Juni 2026." Hata asiyebonyeza ameshajua darasa ni la nani, linachukua muda gani na linaanza lini.

Kiti hicho hakikuwekwa kwa urembo. Tangazo likisema tu kwamba wanaoanza wanakaribishwa, halijamwambia msomaji chochote, maana hata madarasa ya watu waliokomaa huandika hivyo. Anayeanza huamini anapoona zoezi lenyewe limeelezwa kwa kiwango chake. Kuchuchumaa, kwa mfano, kunaweza kuelezwa hivi: simama mbele ya kiti, miguu iachane upana wa mabega, shuka taratibu mpaka makalio yaguse kiti, kisha inuka. Anayeshindwa kuinuka hivyo anaruhusiwa kujisukuma kwa mikono. Pushapu nazo huanzia ukutani, mtu akiwa amesimama, kabla ya kufikiria sakafu. Mifano miwili ya namna hiyo inatosha, na msomaji anaweza kuijaribu papo hapo kabla hajatoa hata senti.

Ahadi kubwa humwaribia mwalimu. Maneno kama "kata tumbo" na "pungua kilo 10 kwa wiki mbili" huvuta macho, lakini mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya tumboni yakaacha ya mapajani, na hakuna mwalimu anayeweza kudhamini kilo za mtu asiyejua anakula nini. Linaloweza kusemwa kwa haki kuhusu wiki nne ni dogo zaidi, nalo huonekana: kuinuka kwenye kiti bila kushika meza, au kupanda ngazi bila kuhema sana. Katika wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sehemu kubwa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli iliyopo, hata kabla misuli yenyewe haijanenepa.

Ratiba ndiyo huzaa maswali mengi kuliko yote, na chanzo kikubwa ni saa. Simu husema 20:30, mdomo wa Mswahili husema saa mbili na nusu usiku, na tangazo lililobandikwa haraka huandika "8:30" peke yake. Kwa anayehesabu Kiswahili, saa 8:30 ni mchana. Mwingine atadhani ni asubuhi, na wa tatu atakuwa jikoni darasa linapoanza. Dawa yake ni kuandika zote mbili, pamoja na kipindi cha siku: saa 2:30 usiku (20:30). Darasa likiwa na Waswahili wa nje, saa zao nazo zitajwe. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hutumia saa moja. Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma kwa saa moja, na Muscat iko mbele kwa saa moja. London iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu majira ya baridi, na kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo mwanafunzi wa London mwezi Juni anaingia saa 12:30 jioni, akiwa ametoka kazini.

Saa yenyewe huchaguliwa kwa kuangalia maisha ya watu. Mwezi Juni jua la Dar es Salaam huzama mnamo saa 12:15 jioni. Darasa la saa 12:30 lingegongana na Magharibi, na wakati huohuo nusu ya wanafunzi wangali kwenye foleni au wamekwama ndani ya daladala. Saa 2:30 usiku swala ya Isha imepita na watu wamefika nyumbani. Mwezi wa Ramadhani hesabu hubadilika tena, na mwalimu mwenye wanafunzi wanaofunga hupanga darasa baada ya tarawehe au huahirisha mfululizo mzima.

Siku za darasa zina sababu yake pia. Maumivu ya misuli ya mtu aliyeanza hayaji siku ileile, bali huongezeka kesho yake na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa humpa siku ya kupumzika katikati. Inafaa maelezo yalitaje hilo kwa sentensi moja, maana wapo wanaoacha baada ya somo la kwanza wakidhani wameumia. Maumivu ya kawaida ni uzito na ukakamavu wa misuli ya pande zote mbili. Maumivu makali kwenye kiungo kimoja, au uvimbe, ni jambo jingine, na mtu huyo asimame.

Urefu wa somo hufungwa na mtambo unaotumika. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano wa kundi ukifika dakika 40. Mwalimu anayetangaza dakika 45 bila akaunti ya kulipia atakatwa katikati ya kunyoosha viungo. Somo la dakika 30, yaani tano za kupasha mwili, ishirini za kazi na tano za kupoa, linaingia vizuri hata mlango ukifunguliwa dakika tano kabla. Bando nalo litajwe, kwani kwa mwanafunzi wa kipato cha chini ni ada ya pili. Somo la video kwa dakika 30 linaweza kula mamia ya megabaiti, na kuna wanaongoja kuambiwa tu kwamba wanaruhusiwa kuzima kamera zao ili kupunguza matumizi. Wanawake wengi watalipenda ruhusa hiyo kwa sababu nyingine pia. Ila mwalimu asiyemwona mwanafunzi hawezi kumrekebisha goti linaloingia ndani, na hilo nalo liandikwe.

Kuhusu ada, kosa linalojulikana zaidi Afrika Mashariki ni "bei njoo inboksi". Msomaji huchukulia kwamba bei ni kubwa au kwamba kila mtu anapangiwa yake. Bei iliyoandikwa wazi hupunguza mazungumzo na humchuja asiyeiweza bila kumdhalilisha. Tuseme mfululizo wa masomo 12 ni shilingi 30,000 za Tanzania. Tangazo zuri huonyesha pia kuwa somo moja ni 2,500, kwa sababu anayeanza hulinganisha na nauli au chipsi, wala halinganishi na ada za jimu asizozijua. Kisha husema malipo yanapita wapi. Ikiwa ni kutuma kwa namba ya simu ya kawaida, mwanafunzi aelezwe kama atume na ya kutolea au la. Shilingi mia chache za kutolea zimeshaleta ugomvi usiolingana na ukubwa wake. Lipa namba huondoa utata huo, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri liandikwe kwenye tangazo ili mlipaji alilinganishe.

Yapo maswali mawili ya ada ambayo husahaulika. La kwanza ni kama ada ni ya mtu au ya simu: mama na binti zake wawili wakifuata somo kwenye kioo kimoja, wanalipa mara ngapi? La pili ni somo lililokosekana. Mwalimu anayerekodi aseme rekodi itapatikana kwa siku ngapi, na asiyerekodi aseme hivyo mapema.

Maelezo hayawezi kufanya kazi ya daktari, lakini yanaweza kumzuia mtu asiyepaswa kuanza peke yake. Mwenye maumivu ya kifua, anayepata kizunguzungu au kuzimia, mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa, mjamzito, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni, wote waulize kliniki kwanza. Sentensi moja inatosha, ikiwa na sauti ileile ya upole iliyotumika kwingineko.

Yote hayo yakikusanywa kwa mwalimu wa kubuni wa Dar es Salaam, maelezo yanaweza kusomeka hivi:

> Hujawahi kufanya mazoezi? Anza na kiti cha nyumbani na dakika 30. Wiki 4 mtandaoni, kuanzia Jumatatu 1 Juni 2026.
>
> Hakuna kuruka wala kukimbia. Tutakaa na kuinuka kwenye kiti, tutapiga pushapu za ukutani, na tutapumzika kila unapohitaji. Kipimo chetu: uweze kuongea unapofanya zoezi. Ukishindwa kuongea, punguza kasi.
>
> Lini: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2:30 hadi 3:00 usiku (20:30–21:00) saa za Dar na Nairobi. Muscat saa 3:30 usiku, London saa 12:30 jioni. Somo la mwisho Ijumaa 26 Juni.
>
> Wapi: Zoom. Kuzima kamera ni ruksa, ila ukiwasha nitaweza kukurekebisha.
>
> Ada: sh. 30,000 kwa masomo yote 12, sawa na 2,500 kwa somo. Ni ada ya simu moja, mkiwa wawili nyumbani karibuni wote. Lipa kwa lipa namba iliyo kwenye picha ya pili. Rekodi inakaa siku 7.
>
> Unataka kuonja kwanza? Jumamosi 30 Mei, saa 2:30 usiku, somo la bure.
>
> Una presha, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au umefanyiwa upasuaji karibuni? Muulize daktari kabla ya kujiunga.
>
> Kujiunga: andika NAANZA kwenye maoni au tuma ujumbe.

Linki ya somo haimo, na imeachwa makusudi. Kwenye maelezo ya Instagram linki haibonyezeki, na linki ya Zoom ikianikwa hadharani huingiza wasiolipa na hata wavurugaji. Hutumwa kwa waliojiandikisha tu, siku ya somo.

Baada ya kubandika, maoni ya siku mbili za kwanza huonyesha pengo. Watu watatu wakiuliza kama wanahitaji mkeka, jibu huongezwa ndani ya maelezo yenyewe badala ya kujibiwa mara tatu chini. Nafasi zikijaa, mstari wa kwanza hubadilishwa useme hivyo na kutaja tarehe ya mfululizo unaofuata. Matangazo husambazwa kwa skrini shoti kwenye magrupu miezi mingi baada ya darasa kuisha, na ndiyo sababu mwaka umeandikwa pamoja na siku na mwezi.