Ramani Kutoka kwa Usiyemjua: Jinsi Gemu Inavyolikagua Faili Kabla ya Kuliamini

Tarehe 10 Desemba 1993, kampuni ndogo ya Texas iitwayo id Software ilitoa gemu ya Doom. Watengenezaji wake walifanya jambo la ukarimu ambalo halikuwa la kawaida wakati ule: ramani, picha na sauti zote waliziweka nje ya programu yenyewe, ndani ya faili linaloishia na `.WAD`, ili mchezaji yeyote anayetaka aweze kutengeneza zake. Mapema mwaka 1994 wachezaji walikuwa tayari na DEU, programu ya kuchorea ramani waliyoiandika wao wenyewe, na hadi leo watu bado wanatoa ramani mpya za gemu hiyo.

Ukarimu huo ulikuja na mzigo. Ramani unayoipakua imeandikwa na mtu usiyemjua, pengine kwa programu yenye hitilafu, pengine imekatika njiani wakati wa kupakuliwa, na mara mojamoja imeharibiwa kwa makusudi na mwenye nia mbaya. Gemu inatakiwa iisome yote hiyo bila kuzimika. Nimeichagua Doom kwa sababu msimbo wake uliwekwa wazi Desemba 1997, kwa hiyo kila mtu anaweza kusoma mwenyewe na kuona ilikagua nini na ikaacha nini.

Faili la WAD huanza na baiti 12 tu. Nne za kwanza ni herufi `IWAD` au `PWAD`. Nne zinazofuata zinataja idadi ya mafungu ya data yaliyomo, na nne za mwisho zinaeleza faharasa ya mafungu hayo inaanzia wapi. Katika faharasa, kila fungu lina baiti 16: mahali linapoanzia, ukubwa wake, na jina lisilozidi herufi 8. Doom ya asili ilizikagua zile herufi nne za mwanzo, na zisipolingana ilikataa faili. Yote yaliyobaki iliyapokea kama yalivyo.

Tuone madhara yake. Programu inachukua idadi ya mafungu, inaizidisha kwa 16, kisha inatenga nafasi ya ukubwa huo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tuseme mtu ameandika kwamba mafungu ni 268,435,457. Ukizidisha kwa 16 unapata 4,294,967,312, lakini hesabu ya biti 32 inakomea 4,294,967,295, kisha inaanza upya kutoka sifuri. Jibu linalobaki mkononi mwa programu ni 16. Inatenga baiti 16, kisha inaanza kupitia mafungu zaidi ya milioni 268 katika nafasi inayotosha fungu moja. Gemu inazimika hata kabla ya picha ya kwanza kutokea.

Kinga yake ni kuuliza swali kabla ya kuhesabu: faili lenyewe lina ukubwa gani? Ukubwa huo unaupata kwa mfumo wa kompyuta, si kwa mwandishi wa faili, na ndiyo nambari pekee unayoweza kuianzia kwa usalama. Faili la baiti 50,000 haliwezi kamwe kuwa na mafungu milioni 268, kwa sababu kila fungu linahitaji baiti 16 za faharasa peke yake. Unagawanya ukubwa wa faili kwa 16, na idadi yoyote inayozidi jibu hilo unaikataa. Msomaji mwema wa faili hufanya kazi kama karani wa bohari anayehesabu magunia mwenyewe kabla ya kutia sahihi kwenye hati ya mzigo.

Mahali fungu linapoanzia napo pana mtego wa aina hiyohiyo. Wengi huandika ukaguzi unaojumlisha mwanzo na ukubwa, kisha wanalinganisha jumla na ukubwa wa faili. Ukaguzi huo unaonekana sahihi, lakini mwanzo ukiwa 4,294,967,000 na ukubwa ukiwa 1,000, jumla katika biti 32 inageuka kuwa 704, na fungu la uongo linapita. Njia salama ni kutoa badala ya kujumlisha:

```c
if (pos > file_size || size > file_size - pos)
    return BAD_FILE;
```

Sharti la kwanza likishapita, `file_size - pos` haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna pa kuzunguka. Hapa nambari zote tatu zinachukuliwa kuwa zisizo na alama ya hasi. Zikiwa na alama hiyo, mwanzo wa hasi utapenya sharti la kwanza.

Kufikia hapo tunajua tu kwamba mafungu yako ndani ya faili. Ramani yenyewe bado hatujaigusa, na huko ndiko kwenye uhondo. Ramani ya Doom ni mafungu yanayofuatana kwa mpangilio maalumu: `THINGS` kwa ajili ya maadui na silaha, `LINEDEFS` kwa mistari ya kuta, `SIDEDEFS` kwa nyuso za kuta hizo, `VERTEXES` kwa nukta za pembeni, `SECTORS` kwa maeneo ya sakafu na dari, na mengine machache. Doom ya asili haikuyasoma majina yao wakati wa kupakia ramani. Ilihesabu nafasi tu kutoka kwenye alama ya ramani. Fungu moja likikosekana katikati, kila linalofuata lilisomwa kana kwamba ni jingine, na nukta zikasomwa kama nyuso za kuta.

Tuchukue mfano. Ramani ina `VERTEXES` ya baiti 400. Kila nukta katika faili ina baiti 4, kwa hiyo nukta ni 100, zenye nambari 0 hadi 99. `LINEDEFS` ina baiti 1,540, na kila mstari una baiti 14, kwa hiyo mistari ni 110. Hesabu zote mbili zimegawanyika bila baki, na hilo lenyewe ni ukaguzi: fungu la `LINEDEFS` lenye baiti 1,547 limekatwa mahali fulani, wala hakuna sababu ya kuendelea nalo. Sasa tufike kwenye mstari nambari 57. Unasema unatoka nukta 12 hadi nukta 5000. Nukta 5000 haipo. Hivi ndivyo msimbo wa asili ulivyoitafuta nukta ya kwanza ya mstari, na ya pili ilitafutwa vivyo hivyo:

```c
v1 = ld->v1 = &vertexes[SHORT(mld->v1)];
```

Hakuna swali lolote hapo. Programu ilikwenda moja kwa moja hadi nafasi ya 5000. Nukta moja ikishapakiwa huchukua baiti 8, kwa hiyo ilisoma chochote kilichokuwepo baiti 40,000 baada ya mwanzo wa orodha, ikakichukulia kuwa sehemu ya ukuta. Nambari ikiwa 40000 mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu `SHORT` inaisoma ikiwa na alama ya hasi, nayo inageuka kuwa -25536, yaani nyuma ya orodha kabisa.

Baya kuliko yote ni kwamba kosa la kusoma halikai likiwa la kusoma tu. Kila uso wa ukuta unataja eneo lake kwa nambari, na Doom ilipokuwa inapanga ramani iliongeza moja kwenye hesabu ya mistari ya kila eneo. Nambari ya eneo ikiwa ya uongo, hiyo moja inaongezwa mahali pasipo pa ramani: huenda ni picha, huenda ni afya ya mchezaji, huenda ni anwani ambayo programu itairukia baadaye. Kwa mlango wa namna hiyo mtu mwovu anaweza hatimaye kuitawala kompyuta ya mchezaji, na ndiyo maana naona ukaguzi huu ni haki ya kila anayepakua ramani.

Tiba yake ni fupi, ila mpangilio wake ni lazima uzingatiwe. Kwanza hesabu ukubwa wa mafungu yote, ndipo uanze kulinganisha nambari zinazoelekezana:

```c
if (v1 >= num_vertexes || v2 >= num_vertexes)
    return BAD_FILE;
```

Fanya vivyo hivyo kwa uso unaotaja eneo, na kwa mstari unaotaja uso. Kuna jambo moja la kuangalia: 65535 katika nafasi ya uso wa pili ni halali, maana yake ni kwamba ukuta hauna upande wa pili. Ukiikataa, utakuwa umekataa ramani nzima iliyo sawa.

Fungu la `NODES` linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Ni mti unaoigawanya ramani mara mbilimbili ili gemu ijue kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, na kila tawi linataja matawi mawili yaliyo chini yake. Hapa nambari inaweza kuwa ndani ya mipaka na bado ikaua gemu. Tawi la 7 likitaja tawi la 3, nalo la 3 likataja la 7, programu itazunguka hadi kumbukumbu yake ya kazi iishe. Kukagua mipaka hakuwezi kuliona kosa hilo. Inabidi kuutembea mti mzima mara moja kabla ya mchezo kuanza, ukiweka alama kwenye kila tawi unalopita. Ukikuta tawi lenye alama tayari, huo si mti.

Si kila kosa linastahili kukataliwa. Ukuta ukitaja picha isiyokuwepo, Doom ya asili ilitoa ujumbe wa kosa na kujifunga kabisa. Mimi nasema hapo weka picha ya akiba yenye rangi ya kuonekana wazi, uandike onyo, mchezo uendelee, kwa kuwa picha isiyopo haiharibu kumbukumbu. Ramani isiyo na mahali pa kuanzia mchezaji ni jambo tofauti. Mchezaji hapewi mwili, na msimbo unaoutafuta mwili huo unakuta patupu. Hiyo irudishwe.

Kuna pia ramani ambazo kila nambari yake ni halali na bado zinaishinda gemu. Doom ya asili ilikuwa na nafasi ya vipande 128 tu vya sakafu na dari katika picha moja. Vikizidi, ilijifunga na kuandika `R_FindPlane: no more visplanes`. Idadi hiyo inategemea mchezaji amesimama wapi na anatazama wapi, kwa hiyo hakuna ukaguzi wa faili utakaoitabiri. Msimbo wa kuchora picha unahitaji kinga yake wenyewe.

Ukaguzi wote ufanyike pembeni, kwenye nakala mpya ya data, na ramani inayochezwa ibaki kama ilivyo hadi nyingine ipite yote. Ikishindwa, mchezaji arudishwe kwenye menyu akiwa na sentensi ya kawaida inayomwambia ramani ina kasoro, na aliyeichora aachiwe mstari kama huu:

```
MAP01: LINEDEFS[57].v2 = 5000, VERTEXES = 100
```

Kwa mstari huo anafungua programu yake ya kuchorea, anakwenda kwenye ukuta wa 57 na kuurekebisha.

Ili kujua kama kinga inafanya kazi, chukua ramani moja nzuri, badilisha baiti moja kwa bahati nasibu, ipakie, kisha rudia hivyo maelfu kwa maelfu. Programu ya gemu ikompailiwe na kuunganishwa kwa `-fsanitize=address`, ambayo huisimamisha pale pale inapogusa kumbukumbu isiyo yake. Bila msaada huo, usomaji mbaya unaweza kupita kimya, na gemu ikazimika dakika kumi baadaye mahali pasipohusiana na kosa. Kila faili lililofanikiwa kuizima gemu lihifadhiwe na lipakiwe tena kila msimbo unapobadilishwa.