Sekunde ya kwanza ya pumzi

Anayepita nje ya chumba cha kupimia mapafu anaweza kudhani ndani kuna ugomvi. "Vuta, vuta, vuta... puliza! Puliza yote! Endelea, endelea, bado, usiache!" Mpimaji anapaza sauti kwa sababu bila juhudi ya mgonjwa mashine haina cha kupima. Damu hutolewa mkononi hata mtu akiwa amelala, lakini kipimo hiki anakifanya mgonjwa mwenyewe, na akikifanya nusunusu, mashine itatoa namba nusunusu zilizochapwa vizuri kabisa.

Kipimo chenyewe huitwa spirometri. Mgonjwa hukaa wima, pua imebanwa kwa kibanio, midomo imeshika bomba la karatasi au plastiki bila kuacha upenyo. Anavuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, kisha anaitoa kwa nguvu zake zote na kuendelea kuisukuma mpaka isibaki ya kusukuma. Hewa yote iliyotoka, kwa lita, ndiyo inayoandikwa FVC kwenye karatasi ya majibu. Sehemu iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza huandikwa FEV1. Daktari wa London, John Hutchinson, alikuwa ameshapima hewa ya mapafu ya watu zaidi ya 2,000 alipochapisha kazi yake mwaka 1846, na aliona kwamba kiasi hicho huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu na hupungua kadiri anavyozeeka. Sekunde ya kwanza ilipata hadhi yake baada ya miaka mia moja hivi, mwaka 1947, kwa kazi ya Wafaransa Tiffeneau na Pinelli.

Sekunde hiyo ina siri gani? Gawanya FEV1 kwa FVC. Kijana mwenye mapafu mazima hutoa asilimia 80 au zaidi ya hewa yake ndani ya sekunde ya kwanza. Njia za hewa zikiwa zimebana, kwa pumu au kwa uharibifu wa miaka mingi ya moshi, hewa inaweza kuwa nyingi tu kifuani lakini inatoka kwa shida, kama maji ya dumu lenye mdomo mwembamba. Uwiano unashuka. Mapafu yakiwa yamesinyaa, kwa mfano kwa makovu, hewa yote inakuwa kidogo lakini hiyo iliyopo inatoka upesi, kwa hiyo uwiano unabaki mzuri huku FVC ikiwa chini. Ndiyo maana anayejua kusoma majibu haya huanza na uwiano, ndipo anageukia lita.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa miaka 52, urefu sentimita 158, aliyepikia kuni na mkaa tangu usichana. Anakohoa, na kupanda kilima kidogo kunamkatisha pumzi. Kwa mwanamke wa umri na kimo hicho, FEV1 inayotarajiwa ni takriban lita 2.25 na FVC lita 2.80. Mara ya kwanza anapuliza kwa nguvu, kisha kikohozi kinamkaba na anaachia bomba baada ya sekunde mbili. Mashine inaandika FEV1 1.40, FVC 1.90. Uwiano ni 0.74, ambao kwa umri wake haumshtui mtu. FVC iko chini. Msomaji mwenye haraka atasema mapafu yamesinyaa, na safari ya kutafuta makovu itaanza hapo.

Mpimaji makini hatazami namba kwanza, anatazama mchoro. Mstari wa hewa dhidi ya muda unatakiwa upande kwa kasi, uinamie taratibu, kisha ulale. Wa mama huyu ulikuwa bado unapanda ulipokatika ghafla, yaani hewa nyingine ilibaki kifuani. Anaelekezwa upya, anapumzika, anarudia. Safari hii anasukuma kwa zaidi ya sekunde kumi mpaka mstari umelala: FEV1 ni 1.40 ileile, lakini FVC imefika 2.60. Uwiano sasa ni 0.54. Hewa ya kutosha ipo, njia ndizo zilizobana, na ugonjwa uliokuwa umejificha nyuma ya pumzi iliyokatishwa umeonekana.

Jaribio moja zuri halitoshi. Yanatakiwa matatu yaliyofanywa sawasawa, na mawili yaliyo bora yasipishane kwa zaidi ya mililita 150, kwa FEV1 na kwa FVC pia. Mtu mzima akifika majaribio manane bila kufanikiwa, kwa kawaida huachwa apumzike. Uchovu nao hushusha namba.

Baada ya hapo mama anapewa salbutamol kwa pampu na kusubiri dakika 15. Anapopuliza tena, FEV1 ni 1.52 na FVC 2.70, uwiano 0.56. Nyongeza ya FEV1 ni lita 0.12, kama asilimia 5 ya kile kinachotarajiwa kwake, wakati mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unataka zaidi ya asilimia 10 ndipo isemwe dawa imefungua njia vya kutosha. Kubana kunakobaki hata baada ya dawa, kwa mtu mwenye dalili na historia ya moshi kama yake, kunaelekeza kwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Lakini pumu haijafutwa kwa jaribio hili moja, maana nayo huwa na siku zake. Na kama aliwahi kuugua kifua kikuu, hilo liandikwe: ugonjwa huo unaweza kuacha njia zilizobana au mapafu yaliyosinyaa miaka mingi baada ya kupona.

Mstari wa kukata kati ya uzima na ugonjwa una utata wake. Madaktari wengi hutumia 0.70 kwa kila mtu, na ni rahisi kukumbuka. Tatizo ni kwamba uwiano hushuka kwa umri hata kwa wasio na ugonjwa. Mzee wa miaka 80 anaweza kuitwa mgonjwa bure, na kijana aliyebana kweli akapita. Karatasi nyingi za siku hizi zina safu ya LLN, kiwango cha chini kabisa kwa mtu wa jinsia, umri na urefu huo. Ni asilimia 5 tu ya watu wazima wa afya walio chini yake. Safu hiyo ni ya haki zaidi.

Kuna na swali ambalo mashine huuliza kabla ya kipimo: mbari. Kwa miongo mingi Mwafrika akichaguliwa hapo, kiwango kinachotarajiwa kilishushwa kwa asilimia 10 hadi 15, desturi yenye mizizi katika Marekani ya enzi za utumwa. Matokeo yake, mapafu yaliyopungua yaliweza kusomeka kuwa ya kawaida. Mwaka 2022 mpango wa kimataifa wa GLI ulitoa milinganyo isiyouliza mbari kabisa, lakini mashine ya zamani huendelea na mpangilio wake mpaka abadilishwe. Uwiano haupotoshwi sana na jambo hili, ila asilimia ya FVC hupotoshwa, na kwa hiyo mgonjwa aliyehamia hospitali nyingine anaweza kuonekana ameanguka au amepona kwa sababu tu mashine ni tofauti.

Mama lishe akirudi mwakani, zinazolinganishwa ni lita zake na lita zake. Akipata 1.45 badala ya 1.52, hilo halitoshi kutangaza kwamba ameshuka; tofauti ya namna hiyo hutokea hata kati ya pumzi mbili za asubuhi moja. Ikipungua kwa asilimia 15 au zaidi, yaani kukaribia 1.29, na mchoro ukawa safi, hapo daktari ana sababu ya kuuliza kama pampu inatumika inavyopaswa na kama jiko bado liko ndani ya chumba.