Muslim na Meshullam: Mzizi Mmoja, Majengo Mawili

Pale Uyole, ambapo barabara itokayo Iringa kwenda Tunduma huachana na ile ishukayo Tukuyu na Kyela, mwuza viazi humwambia mnunuzi kwamba hakopeshi, anataka fedha taslimu. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kukabidhi kitu mkononi. Herufi zake za msingi ni tatu: sini, lamu na mimu. Herufi hizo hizo ndizo zilizozaa salama, salamu, silimu, Uislamu na Mwislamu. Na herufi hizo hizo, kwa tofauti ndogo ya matamshi, zimo katika Kiebrania, lugha ya Taurati, ambako sini ya Kiarabu mara nyingi huwa shini. Ulimi kwa Kiarabu ni lisan, kwa Kiebrania ni lashon. Amani ni salaam huku, na shalom kule.

Udugu huu wa lugha umezaa hoja inayosikika mara kwa mara katika mihadhara ya kulinganisha dini, na pia katika mabishano ya kifamilia, kwani familia nyingi za Kiislamu katika Nyanda za Juu Kusini zina mjomba, shangazi au shemeji Mkristo. Hoja yenyewe ni kwamba Kitabu cha Isaya, sura ya 42 aya ya 19, kinamtaja Muslim kwa jina, kwa sababu katika Kiebrania limo neno meshullam. Wasikilizaji hufurahi, na kijana hulibeba neno hilo hadi kwa binamu yake aliyesomea Biblia chuoni. Tumeona vema tulipime neno hilo kabla kijana huyo hajafika huko.

Tuanze na lugha yetu. Sisi tukitaka kugeuza maana ya kitenzi, huongeza kitu mwishoni. Tunasema lipa, kisha lipwa, lipia, lipisha, lipana na lipiza. Mzizi hukaa mbele na mabadiliko huja mkiani. Kiebrania na Kiarabu hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Konsonanti za mzizi hubaki kwa mpangilio wake, na kinachobadilika ni irabu zilizo katikati yake, pamoja na kukazwa kwa herufi ya pili au kuongezwa herufi mwanzoni. Kila umbo la namna hiyo, mwanafunzi wa madrasa aliyesoma sarfu hulijua kwa jina la wazni. Waebrania huliita binyan, yaani jengo, na kwa desturi huhesabu majengo saba.

Tuuchukue mzizi sh-l-m na kuuingiza katika majengo machache. Jengo la kwanza, lililo jepesi, ni shalem, kuwa kamili au kukamilika. Ndilo lililotumika katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme 7:51, pale kazi ya hekalu la Nabii Suleiman ilipomalizika. Likikazwa herufi ya katikati, tunapata shillem, kulipa, kana kwamba anayelipa hulikamilisha pengo alilolisababisha. Ndilo lililomo katika sheria za Kitabu cha Kutoka, zinazomtaka mwizi aliyemchinja au kumuuza ng'ombe wa watu alipe ng'ombe watano. Jengo hilo likigeuzwa irabu zake na kuwa la kutendwa, huwa shullam, kulipwa. Na likitanguliwa na herufi ha, huwa hishlim, ambalo lina maana ya kutimiza, na pia kufanya amani na aliye na nguvu zaidi kwa kuuweka mkono chini yake. Wagibeoni walipofanya amani na Bani Israili, katika Yoshua 10:1, kitenzi kilichotumika ni hicho.

Sasa tuyaweke majengo ya Kiarabu kando ya hayo. Salima ni kuwa salama. Sallama, yenye lamu iliyokazwa, ni kukabidhi au kutoa salamu. Hapo ndipo tulipopata taslimu, na kusalimu amri pia. Aslama, yenye hamza mwanzoni, ni kujisalimisha, na mtendaji wake ni muslim. Msomaji ataona kwamba shillem ya Kiebrania ni ndugu wa sallama, kwa kuwa zote mbili hukaza herufi ya katikati; na hishlim ni ndugu wa aslama, kwa kuwa ha ya Kiebrania imesimama mahali pa hamza ya Kiarabu.

Baada ya hapo swali la meshullam hujijibu lenyewe. Neno hilo lina lamu iliyokazwa na irabu ya u kabla yake, kwa hiyo limetoka katika jengo la shullam, la kutendwa. Ndugu yake wa Kiarabu ni musallam, aliyekabidhiwa au kitu kilichokabidhiwa, wala si muslim. Kama tungetaka kujenga katika Kiebrania neno linalolingana na muslim, tungelipitisha katika jengo la hishlim, nalo lingekuwa mashlim. Wafasiri wa Biblia wamehitilafiana juu ya meshullam ya Isaya: wengine wameandika mkamilifu, wengine aliye katika agano la amani, wengine aliyewekwa wakfu. Zaidi ya hayo, aya yenyewe inauliza ni nani aliye kipofu kama yeye. Anayeng'ang'ania kwamba huyo ni Muslim amejitwisha lawama ambayo hakuisoma.

Mtu aweza kutujibu kwamba herufi tupu hazina irabu, na kwamba alama za irabu za Kiebrania ziliwekwa na wanazuoni wa Tiberia karne nyingi baada ya Isaya. Ni kweli. Hata katika Kiarabu, mimu, sini, lamu, mimu bila irabu husomeka muslim au musallam. Lakini anayebadilisha irabu amekwisha kutoa usomaji wake mwenyewe, na hawezi tena kusema kwamba Kitabu kinasema meshullam. Isitoshe, Isaya huyo huyo anatumia jengo la hishlim katika 44:28, kuhusu mfalme Koreshi, na maana yake hapo ni kutimiza mapenzi ya Mungu. Jengo humpa msomaji mwelekeo wa maana. Maana kamili huamuliwa na matumizi ya kila lugha.

Inafaa pia kujua kwamba njia hii ya kupima si ngeni kwetu. Kabla yake, baadhi ya wanasarufi wa Kiebrania waliamini kuwa kitenzi chaweza kuwa na mzizi wa herufi mbili au hata moja. Yahya bin Daudi Hayyuj, Myahudi aliyezaliwa Fas na kufanya kazi Kurtuba ya Andalusi karibu na mwaka 1000, aliitumia elimu ya sarfu ya Waarabu, akaandika kwa Kiarabu, na kuthibitisha kwamba vitenzi vya Kiebrania vina mzizi wa herufi tatu, hata pale herufi moja inapojificha kwa udhaifu wake.

Kwa hiyo kijana wa Uyole anayekwenda kwa binamu yake na aende na jambo lililo imara: kwamba Kiebrania kina kitenzi hishlim, ndugu wa aslama kwa mzizi na kwa jengo, na kwamba Wagibeoni wa Yoshua walikitenda. Hilo binamu atalifungua katika kitabu chake na kulikuta. Akiletewa neno jingine lolote la Kiebrania, asitosheke na kuulizia mzizi wake. Aulize pia limejengwa katika jengo lipi.