Ukingo Ndio Unaochagua Zana

Kabla ya kukata picha ya kitu katika Photoshop, tazama ukingo wake. Chukua sufuria ya alumini iliyopigwa picha juu ya kitambaa cheupe. Select Subject huikamata kwa mbofyo mmoja, lakini mng'ao wa chuma unapofanana na kitambaa, ukingo humeguka. Quick Selection hufuata tofauti ya rangi, kwa hiyo hapo huvujia nje.

Sufuria hiyo ni kazi ya Pen Tool. Kuza picha hadi asilimia 200, weka nukta chache pale mkunjo unapobadilika, na upitishe mstari ndani kidogo ya ukingo ili weupe wa nyuma usibaki. Ukishafunga mstari, bonyeza Ctrl+Enter upate eneo lililochaguliwa. Uwazi wa mpini utoe kwa Lasso huku umeshikilia Alt.

Nywele za kipilipili ni kinyume: kalamu huzikata zikaonekana kama kofia. Anza na Select Subject, kisha ingia Select and Mask na upitishe Refine Edge Brush kwenye ncha zake.

Mwishowe weka rangi nyeusi nyuma; utepe mweupe ukijitokeza, ukingo bado.